Kabla ya Lami, Kamua Maji

Mwaka 1989, kwenye uwanda wa pwani wa Muar nchini Malesia, si mbali na mji wa Malaka, Mamlaka ya Barabara Kuu ya nchi hiyo ilijenga tuta ambalo halikukusudiwa kupitisha gari hata moja. Tipa zilimwaga kifusi, tingatinga likasambaza, shindilia likapita, kisha likaja tabaka jingine. Amri ilikuwa kupandisha tu mpaka tuta livunjike. Wataalamu wa nchi mbalimbali walikuwa wameshapewa vipimo vya udongo wa pale na kuombwa wakisie litaanguka likiwa na kimo gani. Majibu yao hayakulingana, ingawa wote walisoma tarakimu zilezile. Ujazo ulipofika unene wa mita 5.4, tuta lilipasuka na kuteleza. Chini yake palikuwa na mfinyanzi laini unaoshuka hadi mita 18 hivi.

Hapohapo Muar yalijengwa matuta mengine zaidi ya kumi, kila moja na tiba yake, kwa sababu barabara kuu ya kutoka kaskazini hadi kusini mwa nchi ilikuwa haina budi kupita juu ya ardhi ya namna ile. Baadhi ya tiba zilikuwa za kushangaza, kama kupitisha umeme ndani ya tope ili maji yahame. Lakini tatu ni zile ambazo mhandisi wa barabara, awe Malesia au delta ya Rufiji, huziwazia kabla ya nyingine: kuweka mzigo na kusubiri, kuchoma tambi za kutolea maji, au kuchimba tope na kulitupa. Nataka nizifuate hizo tatu kwa swali moja ambalo, kwa maoni yangu, linaamua karibu kila kitu: maji yaliyo ndani ya tope yana safari ndefu kiasi gani kabla ya kutoka?

Tusichanganye udongo. Msomaji wa Shinyanga au wa Athi River akisikia habari za udongo mbaya wa barabara hufikiria ule mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka nyufa za kuingiza mkono kiangazi. Huo una ugonjwa wake, nao husumbuliwa na maji yanayoingia na kutoka kwa misimu. Mfinyanzi laini ninaouzungumzia hapa umelowa mwaka mzima. Unakaa chini ya vinamasi vya mafunjo, kwenye mabonde ya mito iendayo polepole, na nyuma ya mikoko. Ukibonyeza donge lake kwa kidole gumba, kidole kinazama bila taabu. Mahali pengine, kama karibu na uso wa ardhi Bangkok, uzito wa maji ndani yake unalingana na uzito wa chembe za udongo wenyewe, au hata kuuzidi.

Anayekuna nazi anaelewa mambo haya haraka kuliko mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ukitia machicha kwenye kifumbu na kukamua, tui linatoka, machicha yanabaki madogo na makavu. Tuta la barabara ni mkono unaokamua, na mfinyanzi ni machicha. Maji yakitoka, udongo unapungua unene, na barabara iliyo juu inatitia. Tofauti ni kwamba matundu kati ya chembe za mfinyanzi ni madogo mno, hivyo tui la jikoni linatoka kwa dakika na maji ya mfinyanzi yanachukua miaka. Siku unapomwaga kifusi, mzigo wote unabebwa na maji yaliyonaswa ndani, na udongo hauwi na nguvu hata chembe zaidi ya jana. Kadiri maji yanavyotoroka ndivyo mzigo unavyohamia kwenye chembe, na ndipo udongo unapopata nguvu. Karl Terzaghi, akifundisha Istanbul, ndiye aliyelipa jambo hili hesabu yake, na kitabu chake cha mwaka 1925 ndicho wahandisi wa udongo wanakichukua kuwa mwanzo wa fani yao.

Katika hesabu hiyo kuna jambo moja la kukumbuka kuliko mengine. Safari ya maji ikiwa ndefu mara mbili, muda wa kusubiri unakuwa mara nne. Ikiwa ndefu mara tatu, muda ni mara tisa.

Bonde la mfano

Tuchukue bonde. Nimelitunga mwenyewe, lakini tarakimu zake ni za aina inayokutwa mara kwa mara. Mfinyanzi laini una unene wa mita 8, na chini yake kuna mchanga unaopitisha maji. Barabara inatakiwa ikae mita 2 juu ya ardhi ya sasa ili mafuriko yasiifikie. Kitako cha tuta kina upana wa mita 24.

Hesabu ya kwanza inawashtua wenye fedha: ili ubaki na mita 2, inabidi ujaze mita 3. Mfinyanzi wa namna hii, ukibebeshwa mita 3 za kifusi, utatitia takriban mita 1. Mita hiyo moja inakwenda chini na haionekani tena, wala hakuna aliyeiba kifusi. Nimewahi kuona mkaguzi wa hesabu na msimamizi wa kazi wakikaribia kushikana mashati kwa sababu idadi ya tipa kwenye daftari haikulingana na kimo cha tuta. Walipochimba shimo pembeni, kifusi kilichopotea kilikutwa chini kimetulia, umbo lake kama bakuli.

Hesabu ya pili ni ya muda. Maji yaliyo katikati ya tabaka yanaweza kupanda juu au kushuka kwenye mchanga wa chini, kwa hiyo safari iliyo ndefu zaidi ni mita 4. Kwa mfinyanzi wa wastani, ili asilimia 90 ya mtitio iishe, itachukua miaka 13 hadi 14. Sasa weka mwamba mzima mahali pa ule mchanga wa chini. Maji yamebaki na mlango mmoja tu, safari imekuwa mita 8, na muda umeruka hadi miaka 54. Tabaka moja la mchanga ambalo mchoraji wa ramani angeweza kulisahau limebadilisha kazi ya muongo mmoja kuwa ya maisha ya mtu. Ndiyo maana napenda kuuliza, kabla ya kusikia jina la njia yoyote, walitoboa mashimo mangapi ya uchunguzi na yalifika wapi. Shimo lililosimama ndani ya tope halijakwambia kitu.

Kuchimba na kutupa

Njia hii inaeleweka na kila mtu, na ndiyo inayopendwa na wanasiasa kwa kuwa inaonekana. Ekskaveta inachota tope, tipa zinalipeleka mbali, shimo linajazwa mawe au mchanga. Hakuna kusubiri maji kwa kuwa hakuna tena cha kukamua.

Kama mfinyanzi una unene wa mita 2, nisingebishana. Kwa kila mita 100 za barabara ungetoa mita za ujazo kama 5,600, yaani tipa 370 za mita 15 kila moja, na kuingiza karibu kiasi hichohicho cha kifusi kizuri. Ni kazi ya wiki chache. Lakini kwenye bonde letu la mita 8 mambo yanageuka. Kingo za shimo kwenye tope haziwezi kusimama wima; inabidi zilazwe, na shimo linazidi kupanuka kadiri linavyoshuka. Kiasi kinafika mita za ujazo 32,000 kwa mita 100, tipa zaidi ya 2,100 za kwenda kutupa na nyingine kama hizo za kuleta. Na pa kutupa? Tope lililolowa halikubaliki shambani kwa mtu. Likirundikwa linateremka kama uji.

Kabla hata ya gharama, udongo wenyewe unakataa. Tope laini namna hii lina nguvu ndogo kiasi kwamba ukingo wima wa mita 3 hivi unatosha kuubomoa, na ukichimba zaidi, sakafu ya shimo huinuka kwa kusukumwa na uzito wa pande zote mbili. Opereta anachota asubuhi, jioni anakuta shimo lilelile halijaongezeka kina. Ndiyo sababu wahandisi wengi huliweka kando wazo la kuchimba likivuka mita 3 au 4.

Ubaya ulio mgumu kuugundua ni mabaki. Shimo likiwa na maji, mtu wa juu haoni sakafu. Kifusi kinamwagwa, tope lililosalia linasukumwa mbele kama wimbi, kisha linanaswa kati ya miminiko miwili. Juu pananyooka, lami inawekwa, na baada ya mwaka mmoja au miwili panatokea bonyeo refu kama mtumbwi, mahali pamoja tu, huku mita 10 mbele na nyuma pakiwa sawa. Ukiona bonyeo la namna hiyo kwenye barabara iliyojengwa kwa kubadilisha udongo, kuna mfuko wa tope chini yake. Dawa ni kumwaga kutoka upande mmoja kwenda mbele bila kuruka, kuondoa wimbi la tope kila linapojitokeza, na kutumia mawe makubwa mahali palipo na maji.

Kuweka mzigo na kusubiri

Njia ya pili inahitaji uvumilivu tu na kifusi. Unajenga tuta kabla ya wakati, unaliacha limalize kutitia, kisha ndipo unaweka tabaka za juu na lami. Ukitaka kuharakisha, unalipandisha zaidi ya linavyotakiwa. Kile cha zaidi ndicho mzigo wa ziada, na mtitio uliokusudiwa ukishapatikana unauondoa ukautumie mbele.

Tazama unavyofanya kazi kwenye bonde letu. Mita 3 za kifusi zingeleta mtitio wa mita 1 kwa miaka karibu 14. Tukiongeza mita 1.5 juu, mtitio wa mwisho ungekuwa sentimita 130. Lakini sisi hatuhitaji 130, tunahitaji ile mita 1 tu, na mita hiyo inafikiwa wakati safari kamili ina asilimia 77 hivi. Muda unashuka hadi miaka 8 au 9. Ni nafuu kubwa, ila haimsaidii mtu yeyote: hakuna serikali itakayoacha lundo la udongo miaka minane.

Sasa punguza unene wa mfinyanzi uwe mita 2, mchanga ukiwa chini. Safari ya maji ni mita 1. Tuta la kawaida lingehitaji miezi kumi, na likiwa na mzigo wa ziada miezi sita. Hapo ndipo njia hii inapopata heshima yake, na inashindana uso kwa uso na kuchimba. Mradi ukiwa na masika moja mbele yake kabla ya kuweka lami, mimi ningechagua kusubiri. Huhitaji pa kutupia tope, na kifusi cha ziada hakipotei.

Mzigo wa ziada una faida nyingine. Mfinyanzi, hata ukishakamuliwa, huendelea kunywea polepole miaka na miaka, hasa ukiwa na mabaki ya mimea. Udongo uliowahi kubeba zaidi ya utakachobeba huwa mvivu katika unyweaji huo. Wanaoendesha magari wanaujua ugonjwa huu kwa jina la kile kishindo cha kuingia darajani: daraja limesimama juu ya nguzo zilizofika kwenye mwamba, tuta la kulifikia bado linashuka, na gari linaruka kila siku zaidi kidogo.

Tambi

Kama safari ya maji ndiyo adui, kwa nini tusiifupishe? Wazo hilo ni la zamani. Marekani walianza katika miaka ya 1920 na 1930 kwa kutoboa mashimo na kuyajaza mchanga. Msweden Walter Kjellman akaja na ukanda wa kadibodi uliochomekwa kwa mashine, rahisi na wa haraka, ingawa kadibodi ilioza. Leo ukanda ni wa plastiki: upana wa sentimita 10, unene wa milimita chache, ndani una vijiko vya kupitishia maji na nje umevikwa kitambaa cha kuchuja. Umbo lake ni kama utambi wa jiko la mafuta ya taa, na kazi yake inafanana. Singapore walibuni hata aina ya juti yenye kamba za makumbi ndani yake. Watu wa Pwani wangeitambua kwa harufu.

Mashine ni ekskaveta iliyobeba mlingoti mrefu. Ndani ya mlingoti kuna bomba bapa la chuma lenye utambi. Fundi anafunga kibati kidogo kwenye ncha, bomba linasukumwa hadi kwenye mchanga wa chini, kibati kinashika kama nanga, bomba linavutwa na utambi unabaki. Unakatwa ukiacha kipande cha kiganja juu ya ardhi. Kwa mita 8, ni dakika moja au mbili. Kisha mashine inasogea mita 1.2 na kuanza tena.

Kwa nafasi hiyo, ikipangwa kwa pembetatu, mita 100 za bonde letu zinameza tambi zaidi ya 1,900, urefu wa jumla kama kilomita 15. Hakuna tone la maji lililo mbali na utambi kwa zaidi ya sentimita 70. Tena mfinyanzi mwingi ulitandazwa na mito kwa tabaka nyembamba, kwa hiyo maji hutembea kwa ulalo kwa wepesi zaidi kuliko kwa wima. Matokeo: asilimia 90 ya mtitio kwa miezi 9 hivi. Ukiongeza ule mzigo wa ziada wa mita 1.5, miezi 6. Kutoka miaka 14.

Utambi wenyewe haukamui chochote. Umefungua mlango tu. Anayesukuma maji ni mzigo ulio juu. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Nilipokuwa kijana kwenye kazi moja ambayo sitaitaja, tambi zilichomwa zote kwa bidii, halafu fedha za kifusi zikachelewa mwaka mzima. Ripoti iliandikwa kwamba ardhi imeshatibiwa. Mzee aliyekuwa msimamizi wa vibarua alisoma akacheka: "Mwanangu, hata ukitoboa nazi, tui haliji lenyewe." Kifusi kilipokuja, ardhi ilianza kutitia kama siku ya kwanza.

Kosa la pili, ambalo pia nililiona pale, ni la mlango wa juu. Maji yanayopanda kwenye utambi lazima yapate pa kwenda, kwa hiyo kabla ya kuchoma tambi unatandaza mchanga safi wa nusu mita juu ya ardhi, wenye mteremko wa kuelekea mitaroni. Mtu akiokoa fedha kwa kuweka moramu yenye vumbi jekundu badala ya mchanga, tambi 1,900 zinakuwa chupa zilizozibwa. Dalili yake iko wazi: tuta limepanda, wiki tatu zimepita, na mitaro ya pembeni ni mikavu. Kwenye kazi iliyofanyika vizuri unaona maji yakivuja kwenye ukingo wa mchanga hata wakati wa kiangazi.

Na usidhani ukizisogeza tambi karibu sana utazidi kupata. Bomba la chuma linapopita, linakoroga mfinyanzi unaolizunguka na kuziba zile njia za ulalo. Tambi zikibanana, sehemu zilizokorogwa zinakaribiana, na faida inapungua huku gharama ikipanda. Huko Thailand, kabla ya kujenga uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi mahali palipokuwa pakiitwa Bwawa la Nyoka, walijaribu kwanza matuta matatu yenye tambi za mita 12, kwa nafasi ya mita 1, 1.2 na 1.5, ili udongo wenyewe ujibu. Uwanja ulifunguliwa mwaka 2006.

Tuta lisianguke kabla ya kutitia

Nimezungumza kana kwamba unaweza kumwaga mita 4.5 kwa siku moja. Huwezi. Tope la bonde letu lina nguvu ya kama tani 1.2 kwa mita ya mraba, na kanuni ya haraka husema huvunjika likibebeshwa kama mara tano ya nguvu zake. Hiyo ni tani 6 na kidogo, sawa na kifusi cha mita 3. Ukiweka akiba ya usalama, mwisho wako ni mita 2.4. Muar walifika 5.4 kabla ya kuvunjika kwa sababu, pamoja na mengine, juu ya tope lile palikuwa na gamba la udongo uliokauka na kukaza kwa jua.

Gamba hilo ni mali. Opereta wa greda amefundishwa kwamba kazi ya barabara huanza kwa kukwangua majani na udongo wa juu. Kwenye kinamasi, akikwangua, ameondoa ubao pekee uliokuwa ukimshikilia. Kata mimea usawa wa ardhi, acha mizizi, tandika kitambaa cha kutenganisha, ndipo mchanga uje juu yake.

Baada ya hapo, tuta linapanda kwa ngazi. Mita 2 kwanza, kisha subira ya miezi mitatu na nusu hivi. Mfinyanzi unapata nguvu kwa zaidi kidogo ya moja ya tano ya kila tani inayohamia kwenye chembe, au tuseme tu, kila tani moja iliyopokelewa huongeza kama kilo 220 za nguvu. Nguvu inafika tani 1.8, na sasa unaruhusiwa mita 3.5. Unasubiri tena miezi mitatu, nguvu inafika 2.3, na ndipo mita 4.5 zinakubalika. Jumla, pamoja na subira ya mwisho, ni mwaka mmoja hivi. Bila tambi, kila ngazi ingehitaji miaka kadhaa, kwa hiyo tambi zinakupa vitu viwili: mtitio wa haraka na haki ya kupanda.

Nani anasema ngazi imekamilika? Kalenda haisemi, vipimo ndivyo vinavyosema. Chini ya tuta huwekwa sahani za chuma zenye fimbo inayochomoza juu, na mpima ardhi huzisoma kila wiki. Pembeni mwa tuta hupigwa vigingi kwenye mstari ulionyooka, na ndani ya tope huzikwa piezomita za kupimia shinikizo la maji. Sahani zikishuka na vigingi vikatulia, maji yanatoka, mambo ni salama. Sahani zikishuka na vigingi vikaanza kutambaa nje na kuinuka, tope linakimbia kutoka chini ya tuta. Hapo tipa zisimame siku hiyohiyo, na ikibidi kifusi kipunguzwe.

Sahani hizo zinaweza pia kukwambia kilichobaki, kwa hesabu ambayo mtoto wa darasa la saba anaiweza na ambayo Mjapani Asaoka aliiwekea misingi mwaka 1978. Andika ulichoshuka kila mwezi baada ya tuta kufika kimo. Tuseme sentimita 16, kisha 12, kisha 9. Kila mwezi ni robo tatu ya mwezi uliotangulia. Miezi ijayo itatoa 6.75, halafu 5 na kidogo, na kuendelea. Ukijumlisha zote hadi mwisho ni mara tatu ya ile 9, yaani sentimita 27. Mkandarasi akikwambia tuta limeshatulia huku daftari likionyesha 27 zimebaki, mwambie angoje.

Ipi basi?

Kwangu mimi jibu linaanzia kwenye unene. Mfinyanzi chini ya mita 3, pa kutupia papo na muda haupo: chimba. Unene huohuo na muda wa mwaka mmoja upo: weka mzigo wa ziada, usiguse tope. Ukivuka mita 4 au 5, mzigo peke yake ni ndoto isipokuwa mradi una miaka ya kungoja, na tambi zinakuwa hazikwepeki. Lakini ziende pamoja na mzigo, na bajeti ya kifusi iwepo benki kabla bomba la kwanza halijachomwa. Kwenye mita 30 chache za kukaribia daraja, ambako hata sentimita 5 zinaumiza, hizi tatu zote zinaweza zisitoshe, na nguzo chini ya tuta zikawa na haki.

Na kuna mabonde ambayo jibu lake ni kutoyagusa. Barabara ya mwendokasi kati ya Kampala na Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018, inavuka kinamasi cha Nambigirirwa juu ya daraja la mita 1,450. Daraja ni ghali, ila kinamasi kinabaki na maji yake.

Ukipita siku moja mahali pa ujenzi ukaona lundo refu la kifusi limekaa miezi mingi bila greda wala lami, na mitaro yake inavuja maji, usikimbilie kusema mkandarasi amelala. Simama, mtafute mpima ardhi, umwulize mwezi uliopita sahani zilishuka sentimita ngapi. Akikujibu bila kufungua simu yake, barabara hiyo iko kwenye mikono mizuri. Akikuuliza sahani zipi, andika barua kwa mbunge wako.